Gauni la Pamba na Pajama ya Flisi: Namna Mavazi ya Kulalia ya Watoto Yanavyoshika Moto

Matini ya mhadhara kwa wazazi na walezi



Mezani mbele yenu tumeweka mavazi mawili ya kulalia, yote ya mtoto wa miaka mitano. La kwanza ni gauni jepesi la pamba, pana, linalofika kwenye vifundo vya miguu. La pili ni pajama ya flisi, yaani kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, ambacho wengi wetu hukinunulia watoto wakati wa baridi. Swali tunaloulizwa mara nyingi na wanunuzi ni hili: kati ya mavazi haya, lipi ni salama zaidi moto ukiligusa?

Wapo wanaojibu kwamba ni pamba, kwa kuwa pamba haiyeyuki na kugandamana na ngozi. Wapo wanaojibu kwamba ni flisi, kwa kuwa flisi ikiguswa na njiti ya kibiriti mara nyingi hujikunja tu na kuzimika. Kila upande umeshika nusu ya ukweli, na aliyeshika nusu peke yake anaweza kumvika mtoto nguo ya hatari akiwa na moyo mkunjufu. Tunakusudia kueleza nusu zote mbili, kisha tuonyeshe kwamba mshono na upana wa nguo vina uzito sawa na aina ya uzi wenyewe, na pengine zaidi.

Tuanze na pamba. Tunasema kwa mazoea kwamba kitambaa kinawaka, lakini kinachowaka hasa ni mvuke unaotoka katika kitambaa. Uzi wa pamba ukipata joto hauyeyuki. Hukauka kwanza, hugeuka rangi ya kahawia, na joto likifikia karibu nyuzi 350 za selsiasi huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi zinazoshika moto. Gesi hizo hukutana na hewa, huwaka, na joto la mwali wake huchoma uzi ulio jirani, nao hutoa gesi yake. Hivyo moto hujilisha wenyewe, uzi kwa uzi, bila kuhitaji tena mshumaa ulioanzisha. Kinachobaki nyuma ni mkaa mwembamba unaoendelea kuwa mwekundu hata baada ya mwali kupita.

Sasa tazameni jinsi gauni linavyoning'inia. Moto hushika mara nyingi kwenye upindo wa chini, kwa sababu ndio unaopita karibu na kibatari kilichowekwa sakafuni au karibu na jiko la mkaa. Joto la mwali hupanda juu, na juu ya upindo kuna kitambaa kilichosimama wima, kikavu, kinachongojea. Mwali hukipasha joto kabla haujakifikia, kwa hiyo unapokifikia unakikuta kiko tayari kuwaka. Ndiyo maana kitambaa kilekile kikilazwa mezani huungua polepole, lakini kikitundikwa na kuwashwa kwa chini huungua kwa kasi kubwa mno.

Upana wa gauni huongeza jambo la pili. Gauni lililo mbali na mwili lina hewa nje na lina hewa ndani. Moto hupata pumzi pande zote mbili za kitambaa, na nafasi iliyo kati ya gauni na mwili wa mtoto hufanya kazi kama bomba la moshi: hewa baridi huingia chini, hewa ya moto hutokea juu shingoni. Kitambaa kikiwa chepesi mambo huwa mabaya zaidi, maana uzi mwembamba hupata joto upesi. Pamba nzito, kama ile ya suruali ya jinzi, huchukua muda mrefu zaidi kuwaka na moto wake hupanda taratibu. Pamba nyepesi ya gauni la joto la pwani haina subira hiyo.

Lipo tena suala la manyoya. Baadhi ya vitambaa vya pamba hukwanguliwa kiwandani ili vitoe manyoya laini yanayotia joto, kama flaneli. Manyoya hayo ni nyuzi moja moja zilizozungukwa na hewa. Cheche ikiyagusa, mwali unaweza kutambaa juu ya kitambaa kizima kwa kufumba na kufumbua, kabla kitambaa chenyewe hakijaanza kuungua. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba kila pamba iliyo nene ina usalama wa pamba nzito. Akiipapasa na kuona manyoya, aihesabu kuwa miongoni mwa zile zinazoshika upesi.

Nchi za Ulaya zina kiwango cha mavazi ya kulalia ya watoto kiitwacho EN 14878, cha mwaka 2007, na kipimo chake kinatusaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Kitambaa hutundikwa wima, huwashwa kwa chini, na uzi maalumu hutandazwa mbele yake milimita 520 kwenda juu. Moto ukifika pale, uzi hukatika. Kwa magauni ya kulalia, uzi haupaswi kukatika kabla ya sekunde 15. Kwa pajama, ambazo zina miguu na hukaa karibu zaidi na mwili, haupaswi kukatika kabla ya sekunde 10. Vilevile moto hauruhusiwi kutambaa juu ya manyoya ya kitambaa kwa namna tuliyoieleza.

Milimita 520 ni kama umbali wa kutoka upindo wa gauni la mtoto wa miaka mitano hadi karibu na kiuno chake. Hesabuni kwa sauti ya chini hadi kumi na tano. Huo ndio muda wa chini kabisa ambao kitambaa kilichofaulu kinampa mzazi aliye chumba cha pili: kusikia ukelele, kuinuka, kufungua mlango na kumfikia mtoto. Pamba nyepesi isiyotiwa dawa ya kuzuia moto mara nyingi haimpi hata muda huo.

Basi, je, tuiache pamba? Hapana, na sababu yake ni ya kuvutia. Mnamo mwaka 1996 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilibadili kanuni zake. Kabla ya hapo, mavazi ya kulalia ya watoto yalitakiwa yawe ya kitambaa kinachostahimili moto. Mabadiliko yale yaliruhusu pamba ya kawaida, isiyotiwa dawa yoyote, kwa sharti moja: nguo ibane mwili. Kanuni ile inataja upana wa juu kabisa unaoruhusiwa kifuani, kiunoni, makalioni, mapajani, kwenye mikono na kwenye vifundo vya miguu.

Kitambaa ni kilekile, uzi ni uleule, ila bomba la moshi limezibwa. Nguo inayokaa juu ya ngozi ina hewa upande mmoja tu. Haina upindo unaopeperuka ukafikia mwali. Na mtoto huhisi joto mapema, akajiondoa kabla nguo haijashika. Hapa ndipo tunapoona kwamba mkasi na sindano ya fundi vina sauti katika suala la moto.

Tugeukie sasa pajama ya flisi. Flisi nyingi hutengenezwa kwa poliesta, uzi unaotokana na mafuta ya petroli, wa jamii moja na plastiki ya chupa za maji. Uzi huu huyeyuka kabla ya kuwaka. Joto likifika karibu nyuzi 250 hadi 260 unakuwa uji mzito, ilhali kuwaka kwake kunahitaji joto kubwa zaidi. Ukiusogezea mwali, kitambaa husinyaa na kurudi nyuma, kana kwamba kinaukimbia moto. Hufanyika tundu, na mara nyingi mwali hukosa cha kushika. Kikishika, uji ule hudondoka kwa matone, na kila tone huondoka na sehemu ya joto na sehemu ya moto. Kwa njia hiyo kitambaa hujizima, au huungua kwa uvivu, mahali ambapo pamba ingekuwa imekwisha kupanda hadi kifuani.

Hiyo ndiyo nusu nzuri ya habari ya flisi. Nusu ya pili iko katika matone hayo. Maji yenye joto la nyuzi 60 tu huunguza ngozi kwa sekunde chache. Uji wa poliesta una joto zaidi ya mara nne ya hilo, na tofauti na maji hautiririki ukaenda zake. Hunata kwenye ngozi, hupoa ukiwa palepale, na joto lake lote huishia mwilini. Jeraha la gauni la pamba kwa kawaida huenea eneo kubwa. Jeraha la flisi linaweza kuwa dogo kwa eneo lakini likazama ndani, na kipande cha plastiki kikawa kimegandamana nalo.

Hapa tunapaswa kutaja mpaka wa vipimo vya viwandani. Katika kipimo cha Marekani, vipande vitano vya kitambaa hutundikwa kimoja kimoja ndani ya kabati, mwali wa gesi huelekezwa kwenye ukingo wa chini kwa sekunde 3, kisha hupimwa urefu wa sehemu iliyoungua. Wastani wa vipande vyote haupaswi kuzidi sentimita 17.8. Poliesta hufaulu mara nyingi kwa sababu huyeyuka na kudondoka, na tone likishadondoka halihesabiwi kuwa urefu ulioungua. Ndani ya kabati tone huanguka chini. Nguo ikiwa imevaliwa, chini ya kitambaa kuna paja la mtoto. Kwa hiyo lebo inayosema kwamba nguo inastahimili moto inasema kweli kuhusu kuenea kwa mwali. Haisemi lolote kuhusu kuyeyuka.

Zaidi ya hayo, flisi hujiokoa kwa kukimbia. Ikizuiwa kukimbia, hubadilika tabia. Na kinachoizuia mara nyingi ni pamba.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili tunaliomba mlishike kuliko mengine, kwa kuwa linakwenda kinyume na akili ya kawaida. Mtu angetarajia kwamba kitambaa kilichochanganywa nusu pamba na nusu poliesta kiwe na hatari ya katikati. Sivyo. Pamba ikiungua huacha mkaa unaosimama mahali pake kama utambi wa kibatari. Poliesta ikiyeyuka katika mchanganyiko huo haidondoki tena. Hunyonywa na mkaa wa pamba kama mafuta ya taa yanavyonyonywa na utambi, na huwaka palepale. Mchanganyiko unaweza kuwaka kwa ukali kupita kila uzi ukiwa peke yake.

Jambo hilohilo hutokea bila kiwanda kuchanganya nyuzi. Mtoto akivaa pajama ya flisi juu ya fulana pana ya pamba, au akivaa gauni la pamba juu ya suruali ya flisi, tumeshatengeneza utambi na mafuta. Wakati wa baridi wazazi hufanya hivyo kwa upendo, wakirundika nguo moja juu ya nyingine. Kurundika nguo si kosa, ila ni vema nguo ya juu isiwe pana, na mtoto aliyevikwa hivyo asisogee kwenye moto wala moto usisogezwe kwake.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua. Ni mwezi Julai katika nyanda za juu, tuseme Njombe, ambako usiku wa majira hayo ni wa baridi kali. Umeme umekatika. Mama amewasha mshumaa na kuuweka sakafuni juu ya kisosi, karibu na kitanda. Mtoto wa miaka mitano anashuka kitandani kufuata kikombe cha maji na kuupita mshumaa kwa nyuma.

Akiwa amevaa gauni la pamba lililo pana, upindo wa nyuma ndio unaopita juu ya mwali, na yeye haoni. Kitambaa hakigusi mguu wake, kwa hiyo hahisi joto. Upindo unashika, naye anaendelea kutembea, na kutembea kwenyewe kunapepea moto. Anapohisi, mwali umekwisha kufika mapajani, na jambo la kwanza ambalo mtoto hufanya ni kukimbia. Kukimbia kunaleta hewa zaidi. Jeraha litakuwa nyuma ya miguu, mgongoni, pengine hadi shingoni na kwenye nywele.

Akiwa amevaa pajama ya flisi, mguu wa suruali uko karibu na mwili, hivyo nafasi ya kuupitisha juu ya mwali ni ndogo. Ukipita, kitambaa husinyaa na kutoboka. Mtoto huhisi joto la ghafla na kuruka. Pengine moto haushiki kabisa. Ukishika, uji wa moto utanata kwenye ndama ya mguu, mahali pamoja, na jeraha lake litakuwa la kina.

Akiwa amevaa pajama ya pamba inayobana, kitambaa kiko juu ya ngozi, mwisho wa mguu umeshika kifundo, wala hakuna upindo wa kupeperuka. Mtoto huhisi joto mara moja. Kitambaa kikishika, moto hupanda polepole kwa kuwa una hewa upande mmoja tu, na mama aliye karibu anaweza kuuzima. Hakuna kilichoyeyuka mwilini.

Ukiyalinganisha haya matatu, vazi la mwisho ndilo tunalolipendekeza kwa nyumba yenye moto wa wazi, na vazi la kwanza ndilo tunalolionea hofu kubwa. Tunaongeza pia kwamba fulana kubwa ya mtu mzima, ambayo watoto wengi hulala nayo, kwa moto ni gauni. Haina jina la gauni, lakini ina upana wake na upindo wake.

Sasa tuje sokoni. Nguo nyingi za kulalia za watoto wetu hutoka katika marobota ya mitumba, nazo ziliwekewa lebo kwa kanuni za nchi zilikotoka. Nguo kutoka Uingereza inaweza kuwa na lebo iliyoshonwa yenye maandishi mekundu ya Kiingereza yanayomaanisha kaa mbali na moto. Lebo hiyo ni onyo. Si sifa, wala haimaanishi kwamba nguo inazuia moto. Nyingine ina maandishi meusi yanayotaja kiwango BS 5722 na kusema kwamba nguo haishiki moto kwa urahisi. Hiyo ilikidhi kiwango.

Pajama ya pamba inayobana kutoka Marekani huuzwa dukani ikiwa na karatasi ya njano inayoeleza kwamba haistahimili moto na kwamba lazima imkae mtoto vizuri mwilini. Karatasi hiyo huwa imekwisha kutupwa nguo inapofika kwetu. Itafuteni badala yake lebo ya shingoni yenye ujumbe uleule kwa ufupi. Na hapa ndipo penye mtego: pajama hiyo ni salama kwa sababu inabana. Mama akimnunulia mtoto kipimo kikubwa ili akue nayo, ameondoa usalama wenyewe na kubakiza pamba isiyo na kinga. Nguo ya shule inunueni kubwa mkipenda. Ya kulalia inunueni ya kipimo chake.

Lebo ikiwa imekatwa, mtu mzima anaweza kuutambua uzi mwenyewe. Chomoeni uzi mmoja tu kutoka ndani ya mshono wa kitambaa, wenye urefu wa kidole. Ushikeni kwa kibanio cha chuma juu ya sahani yenye maji, nje ya nyumba, mbali na watoto, kisha mguseni ncha yake kwa mwali. Pamba huwaka kwa mwali wa njano, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopotea ukilisugua. Poliesta husinyaa, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kijidonge kigumu kisichosagika vidoleni. Mkiona jivu na kijidonge kwa pamoja, mmekutana na mchanganyiko. Subirini kijidonge kipoe kabla ya kukigusa. Na uzi uwe wa kitambaa chenyewe, maana nyuzi za kushonea mara nyingi huwa za aina nyingine. Msijaribu kuchoma kona ya nguo nzima.

Jambo moja kuhusu kufua. Baadhi ya nguo za pamba hutiwa dawa ya kuzuia moto, na lebo zake hukataza kufua kwa sabuni ya kawaida, badala yake huelekeza kutumia sabuni ya unga ya aina ya ditajenti. Wengi hulidharau sharti hilo. Sababu yake ni maji magumu, yaani yale ambayo povu halishiki, kama ya visima vingi vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe ya pwani. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa iliyo katika maji hayo hufanya utando mweupe wenye mafuta, utando huo hubaki ndani ya nyuzi, na mafuta ni chakula cha moto. Nguo ikifuliwa hivyo mara nyingi, dawa yake hufunikwa na kazi yake hudhoofika. Dawa ya kung'arisha yenye klorini nayo huharibu baadhi ya kinga hizo. Pajama ya pamba inayobana haina dawa ya kupotea. Kinga yake ni umbo lake, nayo hupotea nguo ikilegea.

Tumalizie na dakika ambayo hatumtakii mtu. Nguo ya mtoto ikishika moto, msimruhusu kukimbia wala kusimama, kwa kuwa akisimama mwali unaelekea usoni. Mlazeni chini na mumviringishe, au mumfunike kwa blanketi zito la pamba au la sufi, mkianzia upande wa kichwa ili moto usisukumwe kwenda usoni. Blanketi la flisi lisitumike kwa kazi hiyo.

Moto ukizimika, mmwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa muda wa dakika 20. Maji ya barafu hayafai. Vueni nguo iliyo huru, lakini kipande kilichonata msikivute. Kateni kitambaa kukizunguka na mkiache. Hapa ndipo tofauti ya pamba na flisi inaporudi, maana anayevuta poliesta iliyoganda huondoka na ngozi. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na mafuta ya aina yoyote visipakwe. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi bila kukaza, mwekeni mtoto katika joto sehemu nyingine za mwili, na mmpeleke hospitali. Jeraha lolote ambalo plastiki imenata lipelekwe hospitali, hata likiwa dogo kuliko kiganja chake.

Ndugu wazazi, mkirudi nyumbani leo, fungueni sanduku la nguo za watoto. Tengeni magauni mapana na fulana kubwa. Hizo zivaliwe mchana au katika nyumba isiyo na moto wa wazi, au fundi azipunguze upana na urefu. Tazameni pajama za flisi, mhakikishe haziwekwi juu ya pamba inayolegea. Pajama za pamba zinazobana ndizo ziwe za usiku ambao umeme unakatika. Na mshumaa, uwe kwa nguo yoyote ile, uondoke sakafuni, ukae mahali palipo juu ya kimo cha mtoto, katika chombo kisichoanguka.

Yeyote mwenye nguo ambayo hakuielewa lebo yake alete hapa mezani, tuisome pamoja.